Upatanisho wa kisarufi

Upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili ni uhusiano wa maneno ya sentensi ambapo nomino huamua viambishi vya vivumishi, vimilikishi, vionyeshi na kitenzi vinavyoambatana nayo. Nomino hupangwa katika makundi yanayoitwa ngeli, na shuleni ngeli hutajwa kwa viambishi vyake vya kitenzi, kwa mfano A-WA, KI-VI na LI-YA.

## Mfano wa sentensi moja

Mwanafunzi wa Kiswahili akiomba atafsiriwe sentensi moja tu, anaweza kupewa hii:

* Kikapu changu kidogo kimeanguka.

Kikapu ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kwa hiyo kiambishi *ki-* kinaonekana katika *kidogo* na *kimeanguka*. Katika *changu* kipo pia, lakini *ki-* ikikutana na irabu ya *-angu* hutamkwa *ch-*. Wingi wake ni:

* Vikapu vyangu vidogo vimeanguka.

## Nomino za viumbe hai

Mwanafunzi aliyekariri sentensi hiyo huweza kubadilisha nomino peke yake na kusema *kijana changu kidogo kimeanguka*. Hilo ni kosa, ingawa *kijana* huanza kwa *ki-* na wingi wake ni *vijana*. Sentensi sahihi ni:

* Kijana wangu mdogo ameanguka.
* Vijana wangu wadogo wameanguka.

Sababu ni kwamba majina ya watu na wanyama hufuata ngeli ya A-WA bila kujali umbo lake. Ndivyo ilivyo kwa *kiongozi*, *kipofu*, *kifaru* na *kiboko*. Hata hivyo, *kiboko* chenye maana ya mjeledi hubaki katika KI-VI: *kiboko kimekatika*, lakini *kiboko amezama*. Kitenzi ndicho kinachomwonyesha msomaji ni kiboko yupi.

## Mipaka ya kanuni

Majina mengi ya jamaa na uhusiano hayafuati A-WA katika vimilikishi. Husemwa *rafiki yangu mdogo ameanguka*, na wingi wake *rafiki zangu wadogo wameanguka*. Hapa kimilikishi hufuata ngeli ya I-ZI, ilhali kivumishi na kitenzi hubaki katika A-WA.

Aidha, msemaji anapotaka kudunisha kiumbe, huweza kutumia KI-VI kwa makusudi. *Kitoto hiki kinalia* si kosa: umbo la *kitoto* limetokana na *mtoto*, na upatanisho unaonyesha udogo, au dharau, kutegemea muktadha. *Kijana* halina udogo huo katika matumizi ya leo, ndiyo maana *kijana kinalia* husikika kama kosa au tusi.

Kwa hiyo anayetafsiri hupaswa kuuliza kwanza nomino inataja nini, kisha ndipo atazame herufi zake za mwanzo.