Nadharia ya mabadiliko na jedwali la mantiki: kipi kianze, na lini

Mradi ukiandikwa Lubumbashi siku hizi, hati mbili hutarajiwa kuwa ndani yake. Ya kwanza ni nadharia ya mabadiliko, yaani maelezo ya njia ambayo watu wa mradi wanaamini itawatoa kwenye hali ya leo na kuwafikisha kwenye hali wanayoitaka, pamoja na sababu za kuamini hivyo. Ya pili ni jedwali la mantiki, ambalo huyaweka malengo, vipimo, ushahidi na masharti kwenye ukurasa mmoja. Timu nyingi huanza na jedwali kwa kuwa ndilo mfadhili analolidai, kisha nadharia huchorwa usiku wa mwisho ili ifanane na jedwali. Ikiandikwa hivyo, nadharia haina kazi yoyote.

Jedwali ndilo kongwe. Lilibuniwa mwaka 1969 na Leon Rosenberg na wenzake wa kampuni ya Fry Consultants, kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ambalo lilikuwa na miradi mingi isiyoweza kusema wazi inatafuta nini na nani anawajibika kwa lipi. Nadharia ya mabadiliko ilienea katika miaka ya 1990 kupitia Taasisi ya Aspen, hasa baada ya andiko la Carol Weiss la mwaka 1995. Shida ya Weiss ilikuwa nyingine: mipango ya kuinua mitaa maskini ilikuwa na shughuli tele, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini shughuli hizo zingeleta matokeo yaliyoahidiwa. Kwa hiyo jedwali linajibu swali la ahadi na uwajibikaji, na nadharia inajibu swali la kwa nini.

Hakuna jambo linaloonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko watoto wa machimbo ya kobalti ya Haut-Katanga na Lualaba. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi kwenye machimbo ya kusini mwa Kongo, mengi yao ya kobalti. Januari 2016, Amnesty International na Afrewatch, shirika la hapa Lubumbashi, walieleza kazi yenyewe: kuokota mawe, kuyachambua, kuyaosha mtoni na kubeba magunia, kwa malipo ya faranga 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba watoto waliokuwa wakisoma nao walifanya kazi hiyo kabla na baada ya masomo, na kwa saa 10 hadi 12 siku za mwisho wa juma na za likizo.

Tuchukue mradi wa kufikirika wa miaka mitatu unaolenga watoto 600 katika vijiji vya machimbo. Timu ikianzia kwenye jedwali, itajaza haraka. Shughuli: kununua sare na madaftari, kulipa minervali, kutengeneza madarasa. Zao: watoto 600 wameandikishwa. Lengo la mradi: watoto wameondoka machimboni. Kipimo: idadi ya walioandikishwa. Ushahidi: daftari la shule. Mwaka mmoja baadaye daftari limejaa, ripoti ni nzuri, na saa nane mchana mtoto yuleyule yumo majini na karai la mawe. Jedwali halijasema uongo. Limepima kiungo kimoja na kuchukulia kwamba kinachofuata kitakuja chenyewe.

Nadharia huandikwa kwa kurudi nyuma kutoka mwisho. Ili mtoto asiwe machimboni hata Jumamosi, ni nini lazima kiwe kimetokea? Nyumbani, fedha anazoleta ziwe zimepata mbadala, maana ndizo zinazonunua unga wa bukari. Shuleni, pawe na nafasi, na mwalimu afike. Kwenye depo, mnunuzi awe ameacha kupokea magunia yanayoletwa na watoto. Baada ya hapo timu inauliza kuhusu kila mshale unaounganisha hatua moja na inayofuata: tunaamini hivi kwa sababu gani, na tukikosea, tutaona dalili gani mapema?

Swali hilo hubadilisha mradi kabla bajeti haijafungwa. Tangu Septemba 2019 serikali imefuta ada katika shule za msingi za umma. Kama ada ndiyo ingekuwa kizuizi pekee, hatua hiyo peke yake ingepunguza sana watoto machimboni. Mtoto anayesoma asubuhi na kuosha mawe mchana anatuonyesha kwamba mshale wa "sare na ada, basi machimbo yameachwa" ni dhaifu, na kwamba mshale wa kipato cha wazazi ndio unaobeba uzito. Mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika uliopitishwa mwaka 2019 kwa mikoa hii miwili, PABEA-COBALT, ulijengwa hivyo: upande mmoja kuwarudisha watoto 14,850 kwenye maisha ya kijamii, upande wa pili kuwapa wazazi wao kazi katika kilimo. Mimi naona upande huo wa pili ndio wa kulindwa kwanza fedha zinapopungua, ingawa hauleti picha nzuri za ripoti kama zile za madarasa mapya.

Nadharia ikishajaribiwa hivyo, jedwali linaandikwa upya na linakuwa kitu kingine. Kipimo cha lengo kinasomeka: "Watoto 400 kati ya 600 hawajafanya kazi yoyote machimboni au mtoni katika wiki nne kabla ya mahojiano, mwezi wa 30." Ushahidi hautoki tena kwenye daftari la shule. Unatoka kwenye ziara ya nyumbani, mtoto na mzazi wakihojiwa kila mmoja peke yake, na ziara nyingine zikifanyika wakati wa likizo. Hapo jedwali halina mshindani: mhasibu, mfadhili na mkaguzi wanasoma sentensi moja na kukubaliana kama imetimia au la. Nadharia haiwezi kufanya kazi hiyo. Haina tarehe wala mwenye kuwajibika.

Safu ya nne, ya masharti, ndiyo inayopuuzwa zaidi. Timu huandika "usalama utakuwepo" na kuendelea. Kwa mradi wetu sharti zito ni bei. Mwanzoni mwa 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000. Mwaka 2019 ilishuka hadi karibu theluthi moja ya hapo. Bei ikipanda, siku ya mtoto machimboni inalipa kuliko shamba jipya la mama yake. Kanuni ya jedwali ni hii: sharti likiwa zito na uwezekano wake wa kutimia ni mdogo, mradi ubuniwe upya au uachwe. Haliandikwi tu na kusahauliwa.

Si kila mradi unahitaji vyote viwili. Anayechimba kisima pembeni mwa Kipushi, kwa njia iliyokwisha kujulikana, anatosheka na jedwali zuri. Nadharia inahitajika pale njia inapobishaniwa, wahusika wanapokuwa wengi, au shughuli zinapokamilika na matokeo yasionekane. Katika hali hiyo ya mwisho timu hurudi kwenye mishale kila mwaka, kisha humwandikia mfadhili kuomba jedwali lirekebishwe, ikimwonyesha ni mshale upi ulivunjika na ushahidi upi ulioonyesha hivyo. Kwa mradi wetu, ombi la mwaka wa pili lingekuwa kuongeza zao jipya kwa ajili ya wanunuzi wa depo, na kuchukua fedha zake kutoka kwenye kasma ya sare.