Kosa la kuandika au makubaliano yenyewe? Unaponakili mkataba wa shamba

Wasikilizaji wetu wengi hukodisha au hukodi mashamba kabla ya mvua. Makubaliano huandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, kisha hupelekwa steshenari kuchapwa, au hupewa kijana wa nyumbani aandike upya kwa hati nzuri. Huyo anayenakili hukutana na makosa, naye hutaka kusaidia. Makala haya yanaeleza ni makosa gani anaweza kuyasahihisha mwenyewe, na ni wapi anapaswa kuacha maneno yalivyo, aweke alama na kuuliza.

Tuchukue mfano. Karatasi tumeitunga sisi, lakini inafanana na nyingi zinazoandikwa vijijini:

"Mimi mwenye shamba nimemkodisha mkulma shamba la ekari mbili, upana hatua 70, urefu hatua 210, kwa Sh. 150,000 kila ekari kwa msimu moja. Mkulima amelipa Sh. 200,000 leo Jumatano tarehe 15/10/2024. Salio atalipa baada ya mavuno. Mkulima asipande muhogo. Mwenye shamba atadai shamba lake kabla mazao hayajavunwa."

Tuanze na yaliyo mepesi. "Mkulma" ni mkulima; herufi moja imeruka, na hakuna neno jingine linaloweza kuwa pale. "Msimu moja" ni msimu mmoja. Haya sahihisha bila wasiwasi, kwa sababu yanasomeka kwa namna moja tu, na baada ya kuyasahihisha hakuna aliyeongezewa wala kupunguziwa kitu. Ukikosa mojawapo ya masharti hayo mawili, kalamu yako isimame.

Sasa tazama ukubwa wa shamba. Katika vijiji vingi vya Tanzania ekari moja hupimwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho hakiko mbali na ekari rasmi, ambayo ni yadi za mraba 4,840, maana yadi 70 kwa 70 ni 4,900. Kwa kipimo hicho, hatua 70 kwa 210 ni ekari tatu, lakini karatasi inasema mbili. Hatua za watu hutofautiana, mrefu na mfupi hawapimi sawa, ila tofauti hiyo haiwezi kuzaa ekari nzima.

Mnakili mwenye haraka ataandika "tatu" aone ameokoa jambo. Hapo amegusa fedha za watu. Kwa ekari mbili kodi ni Sh. 300,000, na salio baada ya mavuno ni Sh. 100,000. Kwa ekari tatu kodi ni Sh. 450,000, na salio linakuwa Sh. 250,000. Huenda kosa liko kwenye neno "mbili". Huenda liko kwenye urefu, ambao ulitakiwa kuwa hatua 140. Na inawezekana kabisa hakuna kosa: shamba zima ni ekari tatu, lakini kinachokodishwa ni ekari mbili, na moja mwenye shamba amejibakizia. Karatasi peke yake haiwezi kukujibu. Wanaojua ni wale wawili waliosimama shambani.

Tarehe nayo ni hivyo hivyo. Tarehe 15 Oktoba 2024 ilikuwa Jumanne. Basi ama siku imekosewa, ama tarehe ni 16. Linaonekana dogo, lakini siku ikitokea ubishi juu ya nani alilipa kwanza shamba hilohilo, siku moja inaweza kuwa na uzito. Weka alama.

Sentensi ya muhogo ni ya aina nyingine. Mtu anaweza kushangaa: mkulima akatazwe kulima zao? Akadhani "asipande" ni "apande" iliyokosewa. Hapana. Soma pamoja na maneno "msimu mmoja". Muhogo hukaa ardhini miezi tisa, kumi na miwili, hata zaidi. Mwenye shamba anayetaka shamba lake baada ya msimu ana sababu nzuri ya kuukataza. Sentensi inayoonekana ngeni, lakini inakubaliana na sehemu nyingine ya karatasi, mara nyingi imewekwa kwa makusudi. Iache ilivyo.

Tunafika kwenye sentensi ya mwisho, na hii ndiyo ya hatari. "Atadai shamba lake kabla mazao hayajavunwa." Karibu kila msomaji atasema herufi "h" imesahaulika, kwamba walikusudia "hatadai". Nasi tungedhani hivyo. (Neno "hayajavunwa" halina kosa, "kabla" kwa Kiswahili huendana vizuri na kukanusha.) Hata hivyo usiongeze hiyo "h" kimyakimya. Kama ilivyo, sentensi inampa mwenye shamba haki ya kulichukua mazao yakiwa bado yamesimama. Ukiongeza herufi moja, haki hiyo inaondoka. Badiliko la namna hiyo lifanywe na wenye makubaliano wakiwa wanajua, hata kama wewe una uhakika kiasi gani.

Maneno ya kuangalia kwa jicho hilohilo ni kama "ameuza" na "ameuziwa", "amekodi" na "amekodisha", "amelipa" na "atalipa". Herufi chache, lakini mdai na mdaiwa wanabadilishana viti.

Namna ya kuweka alama ni rahisi. Nakili maneno yalivyo, halafu weka mabano ya mraba na swali fupi: "ekari mbili [ULIZA: hatua 70 kwa 210 ni ekari tatu. Zinazokodishwa ni ngapi?]". Swali lisiwe na jibu ndani yake. Ukiuliza "mlitaka kusema tatu, siyo?", mtu mwenye haya anaweza kuitikia tu. Na waulize wote wawili wakiwa pamoja, au simu ikiwa kwenye spika, kwa sababu ukimpigia mmoja, jibu lake litakuwa lenye faida kwake. Wakishajibu, ondoa mabano, andika walichokubali, kisha isome karatasi nzima kwa sauti kabla hawajatia saini au dole gumba.

Kama unaandikia kwenye simu, zima kwanza kile kisahihishi cha maneno. Chenyewe hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kukuuliza, na hakiweki alama yoyote.

Yote hayo ni kabla ya saini. Karatasi ikishasainiwa, hata "mkulma" usiiguse peke yako. Wenye makubaliano wakitaka kurekebisha neno, likatwe kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, sahihisho liandikwe juu yake, na pande zote pamoja na mashahidi watie saini pembeni. Wino mweupe wa kufutia usitumike, maana huacha doa ambalo kila mtu atalitafsiri anavyotaka. Badiliko likiwa kubwa, kama idadi ya ekari, ni afadhali waandike mkataba mpya.

Na ukiombwa nakala tu ya mkataba wa zamani uliosainiwa, nakili na makosa yake yote, ukiandika "[kama ilivyo]" mbele ya kila neno linaloweza kudhaniwa kuwa kosa lako.