Kiwango kwa Kila Watu 1,000: Kuzilinganisha Bungoma na Trans Nzoia kwa Haki

Chora nguzo mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni ya kaunti ya Bungoma nchini Kenya, nayo inafika 646,600. Ya pili ni ya Trans Nzoia, kaunti ambayo makao yake makuu yako Kitale, nayo inaishia 399,000. Hiyo, kwa kukadiria, ndiyo idadi ya wapiga kura waliokuwa kwenye daftari la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kwa uchaguzi wa Agosti 2022. Anayeitazama chati hiyo ataondoka akiamini kwamba watu wa Bungoma waliitikia wito wa kujiandikisha na wa Trans Nzoia wakalegea. Hakuna aliyeandika hivyo popote, lakini nguzo mbili zikisimamishwa sambamba, macho hayana budi kuzilinganisha.

Sasa tazama sensa ya Agosti 2019. Bungoma ilihesabiwa watu 1,670,570, na Trans Nzoia watu 990,341. Chora nguzo za idadi hiyo pembeni ya zile za kwanza, na utaona kwamba ni karibu picha ileile. Bungoma ina watu takriban mara 1.7 ya Trans Nzoia, na wapiga kura takriban mara 1.6. Chati ya kwanza ilidai kutuonyesha uandikishaji, kumbe ilichora tu ukubwa wa kaunti.

Idadi iliyohesabiwa na kuwekwa kwenye chati bila kugawanywa kwa chochote huitwa idadi ghafi. Dawa yake kwa mlinganisho ni kiwango kwa kila watu 1,000. Hupatikana kwa kugawanya idadi ghafi kwa idadi ya watu wa eneo hilo, kisha kuzidisha kwa 1,000. Kwenye jedwali la kompyuta, ikiwa wapiga kura wako safu ya B na wakazi safu ya C, fomula ni hii:

```
=B2/C2*1000
```

Kwa Bungoma jibu ni 387. Kwa Trans Nzoia ni 403. Mpangilio umegeuka: kaunti iliyoonekana nyuma kwa watu zaidi ya 247,000 sasa iko mbele, kwa wapiga kura 16 zaidi katika kila watu 1,000. Takwimu ni zilezile, ila swali limebadilika. Idadi ghafi ilijibu "ni wangapi?" Kiwango kinajibu "ni wangapi kati ya kila 1,000?", na ni swali hili la pili tu ambalo kaunti kubwa na kaunti ndogo zinaweza kuulizwa pamoja.

Je, jambo hili tuliiteje? Maneno yako matatu, na kila moja lina mipaka yake. Uwiano ni mlinganisho wa vitu viwili vyovyote, kama uwiano wa walimu na wanafunzi, na si lazima kimoja kiwe sehemu ya kingine. Asilimia ni kiwango cha aina hii kinachohesabiwa kwa kila 100. Inafaa mambo yanayowagusa wengi, lakini kwa jambo la nadra hutoa desimali ndogondogo ambazo msomaji hazishiki. Neno kiwango ndilo lililozoeleka zaidi, na ndilo lenye hatari zaidi likiachwa peke yake. Tunasema kiwango cha mvua tukimaanisha kiasi kilichonyesha, na kiwango cha elimu tukimaanisha ngazi. Chati yenye kichwa "Kiwango cha wapiga kura kwa kaunti" inaweza kuwa ya idadi ghafi au ya idadi iliyogawanywa, na msomaji hana njia ya kujua.

Kwa hiyo istilahi kamili ni kirai kizima, na sehemu yake muhimu ni ile ya mwisho: kwa kila nini. Lugha yetu imeshauzoea muundo huo. Mkulima wa Kitale hasifiwi kwa kuvuna magunia 400 ya mahindi kabla ya kuulizwa amelima ekari ngapi; mavuno hutajwa kwa magunia kwa ekari. Serikali ya Tanzania, katika kutangaza matokeo ya utafiti wa afya wa mwaka 2022, ilieleza kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na vya watoto wa chini ya miaka mitano hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Angalia kwamba hapo hawakugawanya kwa wakazi wote. Waligawanya kwa vizazi hai, kwa sababu kinachopimwa ni hatari inayofuatana na uzazi. Wanaume na wazee wangeingizwa kwenye kigawanyo, kiwango kingeshuka bila mama hata mmoja kuokolewa.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Kugawanya ni rahisi. Kuchagua cha kugawanyia ndiko kunakohitaji fikra. Kanuni ni kwamba kigawanyo kiwe na wale tu ambao jambo lenyewe lingeweza kuwapata. Tuirudie mifano yetu ya 387 na 403 kwa jicho hilo. Tuligawanya wapiga kura kwa watu wote, watoto wachanga wakiwemo, ilhali mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kujiandikisha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila watu 1,000 wa Trans Nzoia watu wazima ni 500, na katika kila 1,000 wa Bungoma ni 480. Gawanya upya: 403 kwa 500 ni 806 kwa kila watu wazima 1,000, na 387 kwa 480 ni 806 vilevile. Pengo lote la 16 limeyeyuka. Tofauti ya watu wazima 20 tu katika kila watu 1,000 inatosha kulifuta.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watu wa Trans Nzoia walijiandikisha kwa bidii zaidi. Tunachoweza kusema ni kwamba picha ya idadi ghafi, iliyoonyesha Bungoma iko mbele sana, ilitokana na ukubwa wa kaunti, na kwamba kwa kuzingatia ukubwa huo kaunti hizi mbili zinakaribiana. Anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo achukue majedwali ya umri ya sensa na agawanye kwa watu wazima. Pia akumbuke kwamba daftari ni la 2022 na sensa ni ya 2019. Watu wameongezeka katika kaunti zote mbili, hivyo viwango halisi vya mwaka huo viko chini kidogo ya hivi. Mlinganisho hauharibiki sana iwapo zinakua kwa kasi inayokaribiana, lakini kigawanyo cha kaunti moja kikitoka mwaka mmoja na cha nyingine mwaka mwingine, chati haifai tena.

Kosa jingine hujificha kwenye takwimu za hospitali. Kitale ina hospitali kubwa ya rufaa, na kwa mkazi wa Ndalu, ambayo iko ndani ya kaunti ya Bungoma, Kitale iko karibu kuliko mji wa Bungoma. Wagonjwa hutoka pia Pokot Magharibi. Tuseme vituo vya Trans Nzoia vimeandika wagonjwa 300 wa ugonjwa fulani kwa mwaka. Hapa kwa kila 1,000 tungepata 0.3, tarakimu isiyosomeka vizuri, kwa hiyo tunahesabu kwa kila watu 100,000 na kupata takriban 30. Lakini tuseme 90 kati yao walitoka kaunti za jirani. Wakazi wenyewe waliougua ni 210, na kiwango cha kweli ni takriban 21. Juu ya mstari tuliwahesabu waliotibiwa Trans Nzoia. Chini ya mstari tuliwahesabu wanaoishi Trans Nzoia. Makundi hayo mawili si mamoja. Dalili ya kosa hili ni kaunti yenye mji wa rufaa kujitokeza juu kwa karibu kila ugonjwa, huku majirani zake wote wakionekana wazima. Ukiiona hali hiyo, rudi kwenye rejista utafute safu ya makazi ya mgonjwa kabla ya kuandika kwamba Kitale kuna mlipuko.

Tahadhari ya tatu ni ya maeneo madogo. Wadi yenye watu 20,000 ikipata wagonjwa 2 mwaka huu, kiwango ni 10 kwa kila watu 100,000. Mwakani wakiwa 4, kiwango ni 20, na chati itaonyesha nguzo iliyorefuka maradufu. Lakini wagonjwa wawili wa ziada wanaweza kuwa ni nasibu tu. Njia ya haraka ya kupima ni kutafuta kipeuo cha pili cha idadi ghafi: kwa matukio 4 ni 2, yaani kuyumba kwa nusu nzima ni jambo la kawaida, kwa matukio 400 ni 20, yaani asilimia 5 tu. Ndiyo maana, wadi zote za Bungoma zikipangwa kwa kiwango cha ugonjwa wa nadra, wadi ndogo zitajikuta juu kabisa na chini kabisa ya orodha, na zile kubwa zitakaa katikati. Mhariri anayeona mpangilio huo asikimbilie kutafuta sababu kwenye maji au hewa ya wadi iliyo juu. Ajumlishe miaka mitatu au mitano, au aunganishe wadi jirani, ndipo achore.

Hayo yote hayaiondoi idadi ghafi mahali pake. Anayechapisha karatasi za kura, anayeagiza chanjo au kupanga madawati anahitaji idadi kamili. Bungoma ilihitaji karatasi nyingi kuliko Trans Nzoia hata kama kiwango chake kilikuwa chini, na kuigawia kwa kiwango kungewaacha watu kwenye foleni bila karatasi. Idadi ghafi huongoza mgao. Kiwango huongoza mlinganisho.

Kwa mwandishi na mchoraji wa chati, basi, pendekezo ni hili. Neno kiwango lisikae peke yake kwenye kichwa cha chati. Andika kirai kizima, pamoja na mwaka wa kila takwimu: "Wapiga kura walioandikishwa 2022 kwa kila watu 1,000 waliohesabiwa katika sensa ya 2019." Ni kichwa kirefu, lakini urefu huo una kazi. Aliyekisoma atajua mara moja kwamba watoto wamo kwenye hesabu na kwamba miaka miwili haifanani, na ataweza kuipinga chati kwa hoja. Weka na idadi ghafi kwa maandishi madogo kwenye ncha ya kila nguzo, ili anayetaka kugawanya upya kwa kigawanyo bora aweze kufanya hivyo mwenyewe.