Kidhibiti cha maji ya tangi kwa swichi za boya

Kidhibiti hiki huwasha pampu maji yakipungua tangini na kuizima tangi likijaa. Penye jengo refu, maji huingia kwanza tangi la chini, kisha pampu huyapandisha juu. Kwa kazi hiyo boya moja huonekana linatosha, lakini hesabu inaonyesha kwamba tangi la juu linahitaji mawili. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.25 hubeba takriban lita 12 kwa kila sentimita ya kina. Boya lenye waya mfupi likigeuka kwa tofauti ya sentimita 10, pampu ya lita 40 kwa dakika hujaza nafasi hiyo kwa dakika 3 tu, na nyumba inayotumia lita 1,000 kwa siku huiwasha mara 8. Maboya mawili yakiachana sentimita 80, pampu huwaka karibu mara moja kwa siku na kufanya kazi dakika 25. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Kuwaka mara chache ndiko kunakolinda koili zake na kapasita.

Mtu atasema, refusha waya wa boya moja. Inawezekana, ila waya mrefu hunasa kwenye bomba, nalo boya lililonasa halizimi kitu. Maboya mawili hufanya kazi kwa kontakta. Yote mawili ni ya aina inayofunga njia ya umeme yakining'inia. Lile la juu kabisa hukaa mfululizo na koili ya kontakta. La chini yake huunganishwa sambamba na mguso wa ziada wa 13 na 14. Maji yakishuka, boya la chini huivuta kontakta, na mguso ule huishikilia hata boya hilo likiinuka, mpaka la juu likate. Boya la tatu, lenye kufunga likielea, hukaa tangi la chini, pia mfululizo na koili, ili pampu isizunguke kavu mgao wa maji ukichelewa. Hilo lipewe waya mrefu kidogo, maana ukiwa mfupi, maji yakirudi kwa kusuasua kontakta itapiga ta-ta-ta. Rangi za nyaya hutofautiana, kwa hiyo pima kwa mita boya likiwa limening'inia, kisha ligeuze.

Wapo wanaopendelea vihisi vya kielektroniki. Ni vizuri kwa kusoma kina, lakini hapa kuna maswali mawili tu, na boya huyajibu bila programu. Udhaifu wake wa kweli ni umeme wa volti 230 kuingia majini: tumia koili ya volti 24 yenye transfoma, na kikata umeme cha miliampia 30. Bomba la kumwagia maji ya ziada nalo lisizibwe, kwani miguso ya kontakta ikigandana, hakuna boya litakaloizima pampu.