Arosto ya Bangi na Wiki Mbili za Kukesha

Katika vijiwe vya miji yetu, arosto huhesabiwa kuwa shida ya wanaotumia heroini. Mvuta bangi huambiwa kwamba anaweza kuacha siku yoyote aitakayo, na wapo hata wahudumu wa afya wanaokubali hivyo kwa kuwa hawajapata kumwona akitapika na kujikunja kwa maumivu kama aliyekosa heroini. Makala haya yanapinga dai hilo. Mtu aliyevuta bangi kila siku kwa miezi au miaka, kisha akaacha ghafla, anaweza kupata arosto yenye ratiba inayotabirika na chanzo kinachoeleweka. Dalili zake kubwa ni hasira za karibu, kutotulia na kukosa usingizi. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo zinazofanana mno na tabia mbaya, na ndiyo maana hupita bila kutambuliwa.

Ushahidi wa mapema ulipatikana Marekani. Mwaka 1976 Reese Jones na Neal Benowitz walieleza majaribio ambamo watu waliojitolea walimezeshwa THC, kiini cha bangi kinacholeta stimu, kila baada ya saa chache kwa siku nyingi mfululizo. Dawa ilipokatwa, washiriki walianza kuwashwa na hasira, wakakosa raha, chakula kikawashinda na usingizi ukapaa. Hata hivyo, mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa na Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1994 haukuiweka hali hii kwenye orodha. Iliingizwa katika toleo la 2013, baada ya kazi ya muda mrefu ya watafiti kama Alan Budney, aliyefuatilia dalili siku kwa siku, na Margaret Haney, ambaye jaribio lake naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Wavutaji wa kila siku walikatishwa bangi, kisha wakapewa vidonge vya THC au vidonge vitupu bila kujua wamepewa kipi. Waliomeza THC walipata nafuu. Kama hasira ile ingekuwa ni kisirani tu cha mtu aliyenyimwa starehe yake, kidonge kisicho na moshi, harufu wala vijiwe kisingeituliza.

Sasa tuingie ndani ya ubongo. Mwaka 1990 wanasayansi walitambua jeni la kipokezi kiitwacho CB1, ambacho kimetapakaa katika sehemu zinazohusika na hofu, hamu ya kula, kumbukumbu na usingizi. Miaka miwili baadaye iligunduliwa anandamaidi, kemikali ambayo ubongo wenyewe huitengeneza ili kukitumia kipokezi hicho. Kazi yake ni ya kupunguza kasi. Seli inayopokea ujumbe mwingi kupita kiasi huirudishia seli iliyoutuma kemikali ya aina hii, kana kwamba inaiambia ipunguze. Amri hiyo hutolewa mahali pale penye haja na hufutika upesi. THC hushika vipokezi hivyohivyo, ila yenyewe hushika kila mahali kwa pamoja na hudumu kwa saa kadhaa.

Seli haikubali kupunguzwa kasi mchana na usiku. Huondoa sehemu ya vipokezi vyake na kuvifanya vilivyobaki viwe vizito kuitika, huku mifumo ya kuamsha mwili nayo ikijiongezea nguvu ili kufidia. Hali hiyo ni kama ya mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa kwa nje: anayeushikilia akiondoka ghafla, msukumaji huanguka mbele. Aliyeacha bangi jana ana vipokezi vichache vya kutuliza na msukumo mwingi wa kuamsha, na kemikali yake ya asili haitoshi kuziba pengo. Mlio wa honi, swali la mara ya pili au mtoto anayelia humfikia bila kupunguzwa makali.

Lakini kwa nini wiki mbili, na kwa nini mambo hayaanzi saa ileile ya kuacha? THC hupenda mafuta. Kwa mvutaji wa kila siku hujikusanya katika mafuta ya mwili, na baada ya kuacha huendelea kuvuja kidogo kidogo kuingia kwenye damu kwa wiki kadhaa. Uvujaji huo hupunguza makali ya mwanzo. Majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 1995 yalilionyesha jambo hili waziwazi: panya waliozoeshwa THC wakiachishwa tu, dalili zilikuwa hafifu, lakini walipodungwa dawa inayoifukuza THC kwenye vipokezi, walianza palepale kutikisika na kujikuna. Kwa hiyo mafuta ya mwili humpunguzia mtu kishindo cha siku ya kwanza, huku yakiichelewesha na kuirefusha shida yenyewe. Kwa binadamu dalili huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hupamba moto kati ya siku ya pili na ya sita, na nyingi huisha kabla ya wiki mbili kutimia.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi mepesi hulipita. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2012 na Jussi Hirvonen na wenzake zilionyesha kwamba wavutaji wa kila siku walikuwa na upungufu wa takriban asilimia 20 ya vipokezi vya CB1 katika gamba la ubongo, na kwamba vilirejea baada ya takriban wiki nne za kuacha. Utafiti wa Deepak D'Souza wa mwaka 2016, uliopiga picha mapema zaidi, uliona urejeaji ukianza ndani ya siku mbili tu, kiasi kwamba tofauti na wasiovuta haikuonekana tena kitakwimu. Washiriki walikuwa wachache na wote wanaume, kwa hiyo tusizikuze takwimu hizo. Hata hivyo, swali linabaki: iwapo vipokezi huanza kurudi siku ya pili, mbona siku ya nne mtu ndiyo kwanza anavunja vikombe?

Naamini jibu ni kwamba vipokezi havitoi ratiba peke yao. Mwaka 1997 Fernando Rodríguez de Fonseca na wenzake walikuta kwamba panya walioingizwa katika arosto ya bangi walimwaga homoni ya msongo kwa wingi ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu. Huko ndiko kwenye msukumo wa kufidia niliousema. Kipokezi kinaweza kurudi mahali pake kabla mfumo wa msongo haujashuka, na usingizi huchelewa kuliko vyote. Ndiyo sababu mtu huweza kuacha kugombana siku ya nane na bado akakesha siku ya ishirini.

Usingizi wastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndio unaowarudisha wengi kwenye msokoto. Bangi humsaidia mtu kushikwa na usingizi haraka, lakini matumizi mengi hupunguza usingizi wa ndoto. Inapokatwa, ndoto hulipiza: huja nyingi, ndefu na za kutisha, huku usingizi mzito ukipungua. Katika jamii zetu ndoto za namna hiyo huweza kupewa tafsiri ya majini au ya kurogwa, na mgonjwa akapelekwa kusikostahili. Kwa kawaida ndoto hizi ni dalili kwamba ubongo unarudia kazi uliyozuiliwa, na zinaweza kuendelea kwa mwezi au zaidi.

Tumchukue kijana wa kufikirika, utingo wa lori, aliyevuta misokoto minne kwa siku kwa miaka mitatu. Jumapili anahamia kwa dada yake na kuacha siku hiyohiyo. Jumatatu yu salama. Jumanne anakula nusu sahani na kumjibu shemeji yake kwa ukali. Jumatano analala kitandani hadi saa tisa usiku akijigeuza, shuka limelowa jasho. Alhamisi anatupa simu ukutani kwa sababu salio limeisha, na dada yake anamwuliza, "Mdogo wangu, una nini lakini siku hizi?" Usiku huo anatoka, anavuta nusu msokoto, na kabla ya nusu saa amelala fofofo. Asubuhi ana hoja iliyokamilika: bila bangi mimi ni mgonjwa, kwa bangi ni mzima. Hoja hiyo imejengwa juu ya jambo aliloliona kwa macho yake, kwa hiyo kuikanusha kwa mahubiri ni kazi bure. Afadhali aonyeshwe kalenda. Bangi imetibu tatizo ililolileta yenyewe, na Alhamisi aliyorudi kuvuta iko ndani ya siku zilezile ambazo shida hufika kileleni. Alikuwa akikaribia mteremko.

Anayemhudumia mtu huyu aulize pia juu ya sigara, maana wengi huchanganya tumbaku na bangi au huacha vyote kwa mkupuo. Kukosa nikotini nako huleta hasira, kutotulia na kukesha, kwa siku zinazokaribiana. Kitu kimoja husaidia kuzitenganisha: aliyeacha tumbaku huwa na hamu zaidi ya kula, ilhali aliyeacha bangi chakula humshinda, na huweza kupungua uzito. Aliyeacha vyote viwili kwa pamoja hubeba mzigo wa pande zote, na humfaa kupanga mapema ataanza na kipi.

Si kila mvutaji hupatwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 yalikadiria kwamba karibu nusu ya wanaotumia mara kwa mara, asilimia 47, huipata arosto hii, na kiwango kikubwa zaidi kilikuwa kwa waliolazwa. Arosto hii kwa kawaida haiui, na hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa ajili yake. Wanaopunguza hatua kwa hatua wanaweza kupata nafuu kuliko wanaokatishwa ghafla. Lakini katika nchi zetu, ambako bangi ni kosa la jinai, wengi huachishwa na mlango wa mahabusu au na wodi ya hospitali bila kupanga, na hasira ya siku ya tatu huandikwa kuwa ukaidi au kichaa.

Ombi langu kwa daktari, mwalimu wa bweni na askari wa mahabusu ni moja. Kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa wa akili, kabla ya vidonge vya usingizi ambavyo navyo huzoesha, na kabla ya adhabu, muulizeni alivuta lini mara ya mwisho, kisha hesabuni siku. Dalili zikiwa zimeanza ndani ya wiki moja tangu hapo na zinapungua kadiri siku zinavyopita, mpeni muda, chakula na maji, na mwambieni waziwazi anachopitia na kitaisha lini. Zikizidi mwezi bila kushuka, akisikia sauti zisizokuwepo, au akitaja kujiua, basi kuna jambo jingine, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.