Swali la Mmisionari na Jibu la Mzee: Neno "Mulungu" katika Maandishi ya Rabai na Taathira Yake

1. Utangulizi

Mtaalamu atakaye kuandika historia ya dini za Mijikenda katika karne ya 19 hana budi kupitia mikononi mwa wamisionari. Waarabu na Waswahili wa Mombasa walifanya biashara na Wanyika, kama walivyowaita, kwa muda mrefu, lakini maelezo marefu ya kwanza kuhusu ibada zao yaliandikwa na Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann, aliyejiunga naye mwaka 1846 wakafungua kituo Rabai. Baada yao alikuja Charles New wa misheni ya Ribe, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1873. Maafisa wa serikali ya kikoloni walipoanza kuandika habari za watu hao, msamiati wa kuelezea dini yao ulikuwa umekwisha kutengenezwa.

Kuna njia mbili nyepesi za kuyashughulikia maandishi haya, nazo zote zina kasoro. Ya kwanza ni kuyakubali kama ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake. Ya pili ni kuyatupa kwa kuwa yamejaa chuki ya mwandishi dhidi ya "upagani". Makala haya yanashika njia ya tatu. Kumbukumbu ya mmisionari ni jibu ambalo swali lake mara nyingi limefichwa; kazi ya msomaji ni kulifukua swali hilo, na lugha ambamo liliulizwa, kabla ya kulitumia jibu. Mfano utakaochunguzwa ni wa neno moja tu: Mulungu.

2. Tabaka za maandishi

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba jina la Krapf limewekwa juu ya maandishi ya aina mbalimbali. Kuna shajara na barua alizopeleka London kwa chama chake, Church Missionary Society. Kuna sehemu za barua hizo zilizochapwa katika gazeti la chama, lililoanza kutoka mwaka 1849, kwa ajili ya wasomaji ambao michango yao ndiyo iliyoendesha kazi. Kuna kitabu cha safari kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858, na kwa Kiingereza mwaka 1860 kikiwa kimefupishwa na kupangwa upya. Mwisho kuna kamusi ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kila tabaka lilikuwa na msomaji wake. Aliyechangia fedha Uingereza alihitaji kusikia kwamba watu wa Rabai wamo gizani, lakini pia kwamba giza hilo si nene kiasi cha kukatisha tamaa. Kwa hiyo tukio ambalo katika shajara ni mazungumzo ya siku moja na mtu mmoja, katika kitabu hugeuka kuwa "imani ya Wanyika". Wakati umepotea, mahali pamepotea, na msemaji amekuwa kabila zima. Mwandishi wa historia anayenukuu kitabu cha 1860 peke yake ananukuu tabaka lililo mbali zaidi na mazungumzo yenyewe.

3. Swali na jibu

Krapf ameeleza kwamba alimwuliza Mnyika mmoja maana halisi ya neno Mulungu. Kwa muhtasari, jibu lilikuwa hivi: kwa msemaji mwenyewe Mulungu ni ngurumo, wengine hudhani ni mbingu hii ionekanayo, wengine humwona kuwa ndiye aletaye maradhi, na wengine bado wameshikilia, kwa udhaifu, wazo la Mwenyezi aliye juu ya vyote. Habari hii imesomwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Wanyika hawakuwa na imani moja kuhusu Mungu.

Tazama kwanza maneno ambayo hayawezi kuwa ya mzee huyo. "Bado" na "kwa udhaifu" ni hukumu ya mwandishi. Krapf alilelewa katika Ulutheri wa kusini mwa Ujerumani, akasomea Basel. Katika mafundisho aliyoyashika, binadamu wote walipata kumjua Mungu mmoja tangu mwanzo, kisha mataifa yakamsahau kidogo kidogo. Kwa mtu mwenye fikira hiyo, maana ya "Mwenyezi" lazima iwe ya kale, na maana za ngurumo na mbingu lazima ziwe uchakavu uliokuja baadaye. Mpangilio wa kihistoria umeingizwa katika jibu ambalo lenyewe halikusema lolote juu ya wakati.

Pili, litazamwe swali lenyewe. Krapf aliuliza maana ya neno, nalo ni swali la mtunga kamusi. Mtu aulizwaye maana ya neno hutaja matumizi yake, moja baada ya jingine. Katika lugha za Mijikenda mulunguni ni huko juu, mbinguni. Hivyo maana ya mbingu na maana ya Mungu zinakaa katika neno moja bila ugomvi, na ngurumo, itokayo huko huko juu, haiko mbali nazo. Ama maradhi, hata Mswahili asemapo ugonjwa fulani ni "wa Mungu" hatoi fundisho la dini kwamba Mungu ni mwovu. Anasema tu kwamba hakuna mkono wa mtu, yaani si uchawi. Inaelekea basi kwamba kile Krapf alichokiandika kama makundi manne ya waumini wanaopingana ni upana wa neno moja katika kinywa cha watu wale wale. Tofauti za kisemantiki zimegeuzwa kuwa tofauti za itikadi.

Tatu, litazamwe jina linalokosekana. Aliyejibu ni "Mnyika mmoja" tu. Katika kazi ya lugha wamisionari hawakuwa hivyo daima: Salimini, mtumwa aliyemfundisha Rebmann Kinyasa, anajulikana kwa jina katika kamusi iliyochapwa mwaka 1877. Lakini katika habari za dini mtoa habari huelekea kuyeyuka. Hatujui kama mzee huyo alikuwa mtu wa kaya mwenye daraja kubwa, au kijana, au mgeni. Tunachoweza kukisia ni kwamba hakuwa mwanamke, kwa kuwa mazungumzo ya aina hii Krapf aliyafanya zaidi na wanaume.

Hatari ya swali lililoulizwa vibaya imeonyeshwa pia kwingineko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Okot p'Bitek alieleza jinsi mapadre wa Kiitalia, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na wazo la kuumba kutoka patupu. Swali likasikika kama nani aliyewafinyanga. Wazee wakamtaja Rubanga, pepo afanyaye watu kuwa na kibiongo, na jina hilo likawa la Mungu wa Wakristo. Kwa Mulungu upotoshaji haukuwa mkubwa kiasi hicho, lakini utaratibu ni ule ule: swali la katekisimu limepata jibu la matumizi ya kila siku.

4. Tafsiri iliyogeuka ushahidi

Krapf hakungoja uchunguzi wake ukamilike. Mwaka 1848 vitabu vyake vya Kinyika vilichapwa Bombay, miongoni mwavyo Injili ya Luka na katekisimu ya Heidelberg. Tangu hapo watoto wa shule za misheni walijifunza kusoma kwa maandishi ambamo Mulungu ni Muumba, Baba na Mwamuzi. Miaka sitini baadaye, mtafiti aliyemwuliza msomi wa Rabai habari za Mulungu angeweza kupata jibu la katekisimu na kulihesabu kuwa mapokeo ya kale. Hapo ndipo duara linapofungwa: misheni inaandika neno, neno linafundishwa, kisha linarudi kwa mtafiti kama ushahidi huru.

Upande wa pili wa tafsiri hiyo ni hali ya koma, yaani wafu wa ukoo. Krapf aliandika kwamba koma husemwa kuwa mara kaburini, mara hewani, mara katika radi, na kwamba hupokea sadaka. Lakini baada ya Mulungu kupewa kiti cha Mungu wa Biblia, koma hawakuwa na nafasi ila ile ya washindani. Maandishi ya baadaye yakagawanya dini hiyo sehemu mbili: Mungu aliye mbali asiyeabudiwa, na "ibada ya wahenga" inayofanyika kweli. Hali sala za Mijikenda humtaja Mulungu juu na koma chini katika kauli moja. Mgawanyiko huo ni wa orodha ya mwandishi kabla ya kuwa wa mwombaji.

5. Kutoka misheni hadi boma

Picha nyingine iliyorithiwa ni ile ya kaya. Krapf na New waliieleza kama mji wenye ngome msituni, makao ya wazee, mahali pa sherehe za mwanza, ngoma ya kusugua ambayo wanawake na wasioingizwa hawakuruhusiwa kuiona. Krapf aliiona siri ya mwanza kama hila ya wazee ya kuwatisha wengine. Ndani ya maelezo yake ya dharau, hata hivyo, mna habari yenye thamani: sauti ya ngoma ilitosha kuufunga mji mzima majumbani. Kwa lugha ya leo hiyo ni habari ya mamlaka, si ya ulaghai.

Lakini picha hiyo ilikuwa ya wakati wake. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 Wagiriama wengi walikuwa wamekwisha kuhama kaya na kuenea hadi ng'ambo ya mto Sabaki, na waliobaki ndani walikuwa wachache. Serikali ilipotafuta wakuu wa kuwatoza watu kodi na vibarua, iliendelea kuwaza kaya yenye wazee watawala. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo, wakaapishwa viapo vya kuikataa serikali. Maafisa wakaamini kwamba wakiifunga kaya wameufunga uasi, na Agosti 1914 wakailipua kwa baruti. Vita havikuzuiliwa, vilianza mwezi huo huo. Nguvu ya kiapo haikuwa imefungiwa katika boma la miti.

Haiwezi kusemwa kwamba vitabu vya wamisionari ndivyo vilivyolipua kaya. Kinachoweza kusemwa ni kwamba maelezo ya miaka ya 1840 hadi 1870, yaliyoandikwa kana kwamba hayana tarehe, yalikuwa yamejenga desturi ya kuwaza dini hiyo kama kitu kisichobadilika. Arthur Champion, afisa aliyefanya kazi Ugiriama wakati huo, aliacha maelezo ya ada zao yaliyochapishwa mwaka 1967. Ni yenye manufaa makubwa, lakini msomaji akumbuke kwamba yaliandikwa na mtu aliyehitaji kujua ni nani angemtii.

6. Namna ya kusoma

Kutokana na mfano huu, msomaji ana mambo manne ya kufanya kila anapokuta kauli ya mmisionari kuhusu dini. Airudishe kauli kwenye tabaka lake la awali, na kutazama kilichoongezwa au kupunguzwa njiani. Atenganishe maneno ya hukumu na maneno ya habari. Ajaribu kulitunga upya swali katika lugha ya aliyeulizwa, akitazama ngeli, viambishi na matumizi ya neno katika usemi wa kawaida. Kisha aulize kama ushahidi unaoafikiana na kauli hiyo ni huru kweli, au ni mwangwi wa kitabu kile kile uliopitia shuleni.

Masimulizi ya wazee hayana kinga ya peke yake. Thomas Spear aliyakusanya mapokeo ya kaya katika miaka ya 1970 na kuyachapisha. Mwaka 1993 Justin Willis alionyesha ni kwa kiasi gani utambulisho wa Mijikenda, jina lililoenea katika miaka ya 1940, uliundwa na siasa za wakati wa ukoloni. Maandishi na masimulizi yamekuwa yakisomana kwa zaidi ya karne moja. Mahali ambapo bado vinaweza kutenganishwa ni katika lugha: mmisionari aliweza kuchagua maana aliyoitaka ya Mulungu, lakini hakuweza kukizuia kiambishi -ni kuendelea kuonyesha mbinguni, wala kulizuia kalamu yake mwenyewe kuziandika maana tatu nyingine alizozidharau.