Tulipotafsiri 'saa' tukaiponza zamu ya usiku

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri skrini za mfumo wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha mitungi ya plastiki hapa Nairobi. Mfumo wenyewe, waliouita ERP, uliunganisha stoo, uhasibu na mashine. Wahasibu walibaki na Kiingereza chao. Mimi nilipewa skrini za maopereta, ripoti za zamu na maelezo ya mafunzo.

Nilitarajia kusumbuliwa na istilahi nzito. Sikusumbuliwa nazo. Stoo ilikuwa stoo, skrapu ikawa skrapu, na karakana, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, lilikaa mahali pake bila mzozo. Kilichotuponza ni neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua: saa.

Opereta mashine yake ikisimama, alijaza nafasi mbili. Nami niliziita 'Saa ya kusimama' na 'Saa ya kuanza tena'. Mfumo ulikokotoa tofauti. Baada ya wiki chache, ripoti ilidai kuwa mashine za zamu ya usiku zilikuwa zikisimama ovyo alfajiri. Msimamizi wa usiku akaitwa ofisini, na marupurupu ya kikosi chake yakasimamishwa. Mzee yule aliapa kwamba mashine zililia usiku kucha. Nani angemsikiliza ilhali kompyuta imesema?

Siri ilifichuliwa na mstari mmoja. Ulionyesha mashine iliyosimama kwa saa 14 katika zamu ya saa 12. Nikamfuata opereta wa mchana aliyeujaza.

"Mwalimu, si skrini imeniuliza saa? Ilisimama saa kumi na moja, ikaanza saa moja. Nikaandika hivyo."

Alikuwa ameandika 11:00 na 01:00. Kwa hesabu ya mfumo ilikuwa 17:00 na 19:00, yaani saa mbili tu. Mfumo ulidhani amevuka usiku wa manane, ukapata 14.

Basi nikaelewa ya alfajiri. Mashine iliyosimama saa nne hadi saa sita mchana iliandikwa 04:00 hadi 06:00 badala ya 10:00 hadi 12:00. Tofauti ni saa mbili kwa namna zote! Jumla ilikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Kilichohama ni lawama tu, kutoka mchana hadi usiku. Tulipolinganisha muda ulioandikwa na ule ambao mfumo wenyewe ulinasa kumbukumbu hiyo, pengo la takriban saa sita lilijirudia mstari baada ya mstari.

Jambo la kuudhi ni kwamba maopereta hao hao hawakukosea skrini ilipokuwa kwa Kiingereza. Mkenya ana saa mbili kichwani. Simu yake inasoma 10:00, ulimi wake unasema saa nne, na anayefasiri ni yeye mwenyewe, kimya kimya. Uzoefu huu una umri. Waswahili walihesabu saa kuanzia macheo na machweo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuja na ratiba za saa za Kizungu, na watu wakajifunza kuzibeba zote mbili. Lebo ya Kiingereza iliwakumbusha saa ya Kizungu. Yangu iliwarudisha nyumbani.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux, walitafsiri programu za kuandikia na kufanyia hesabu. Mwandishi wa barua haulizwi mashine ilisimama lini. Kiwandani, neno 'saa' hutaja wakati na pia urefu wa wakati, na mtafsiri hupewa orodha ya maneno yasiyo na muktadha. Nilimwomba mtaalamu wa mfumo atenganishe:

```
msgctxt "duration"
msgid "Hours"
msgstr "Muda uliopita (saa)"
```

Kwa wakati wenyewe tulifuta nafasi za kujaza, tukaweka vitufe viwili: 'Imesimama' na 'Imeanza'. Mfumo ukajisomea saa. Katika maelezo ya mafunzo nikaandika '10:00, yaani saa nne asubuhi', kila mara.

Tarehe ilibaki kitendawili. Karani wa stoo, mzaliwa wa Lamu, aliposoma 'Usiku wa Jumanne' alielewa usiku unaotangulia mchana wa Jumanne, maana kwao siku huanza jua likitua. Wa Nairobi walielewa usiku unaofuata. Nikabadilisha: 'Zamu iliyoingia Jumatatu jioni'. Ni refu, na lilibana kwenye skrini, lakini halikugombanisha watu.

Marupurupu ya mzee yalirejeshwa mwezi uliofuata. Mimi nilimwomba radhi mlangoni, saa moja asubuhi, akitoka zamu.